Doa jekundu usoni kwa mtoto: leza sasa au akue kwanza?

"Mwanangu ana miezi miwili, amezaliwa na doa jekundu kuanzia paji la uso hadi kope la kulia. Bibi yake anasema litafutika. Nisubiri akue ndipo nimpeleke leza?"

Pole mama mwenzangu. Wangu naye alizaliwa nalo.

Kabla ya leza, angalia lilipo. Likishika paji na kope la juu, wiki hii mpeleke kwa daktari wa macho, CCBRT au Muhimbili, wapime presha ya jicho, kisha aonwe na daktari wa watoto. Doa la hapo wakati mwingine huambatana na mishipa isiyo ya kawaida kwenye ubongo. Jicho likionekana kubwa kuliko jingine, au mkono ukitikisika upande mmoja, usingoje miadi.

Kuhusu kufutika, bibi huenda anakumbuka uvimbe mwekundu unaotokea wiki chache baada ya kuzaliwa, ukavimba, kisha ukanywea. Doa bapa la upande mmoja kama hili alilozaliwa nalo kwa kawaida halifanyi hivyo. Linakua na mtoto, mara nyingi linageuka zambarau, na ukubwani ngozi huweza kunenepa na kuota vinundu.

Ndiyo maana mapema ni bora: ngozi bado nyembamba na mishipa midogo. Uliza leza iitwayo pulsed dye, ya nanomita 595, yenye kupoza ngozi. Ngozi yetu nyeusi hunyonya mwanga, kwa hiyo waanze na nguvu ndogo na kujaribu sehemu ndogo kwanza. Michubuko ya siku kadhaa ni kawaida. Malengelenge si kawaida. Vipindi ni vingi, na mara nyingi doa hupauka bila kuisha kabisa.