Mwenye nyumba kabadilisha kitasa

"Nimerudi kazini nakuta kitasa kipya, vitu vyangu vyote viko ndani. Kodi nimelipa hadi Desemba. Nivunje?"

Usivunje, ndugu. Ukivunja, yeye ndiye atakayewahi polisi, na wewe utageuka mtuhumiwa wa kuharibu mali. Piga picha mlango, kisha nenda leo hii serikali ya mtaa na mkataba pamoja na risiti au meseji ya muamala wa kodi. Mwombe mwenyekiti afike mlangoni na aandike alichokiona, kwa tarehe na mhuri. Karatasi hiyo wengi huisahau, halafu inabaki neno lako dhidi ya lake. Akigoma kufungua, tafuta wakili ufungue shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mkiomba kwanza amri ya muda urudi ndani. Akifungua, hesabu vitu mbele ya mjumbe kabla hujasaini chochote.