Ujumbe wa Maneno Sita na Shairi la Siku ya Kuzaliwa

Jumanne iliyopita nilipokea ujumbe wenye maneno sita tu: "Nitungie shairi la siku ya kuzaliwa." Mtumaji hakutaja anayezaliwa, wala uhusiano wao, wala kama alitaka shairi la kuchekesha au la kuliza, wala urefu wake. Moyo wangu ulishtuka, kwa sababu miaka mitatu iliyopita niliupokea ujumbe kama huo na nikaujibu vibaya, na aibu yake sijaisahau hadi leo.

Wakati huo nilikuwa nikiishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na nilikuwa nimeanza kulipwa kwa kutunga. Mteja yule alikuwa kijana, sauti yake kwenye simu ilikuwa na furaha, nami nikajiambia kwamba kijana mwenye furaha anayetafuta shairi usiku bila shaka analitafutia mpenzi wake. Sikumwuliza lolote, kwani niliamini kwamba mshairi stadi hukisia. Nikamtumia beti nne za tarbia saa tano za usiku, na ubeti wa kwanza ulifunguka hivi:

Leo ua lachanua, nyota yangu ya mapenzi,
Warembeka ukikua, wangu mpenzi na mwenzi.

Kwa upande wa arudhi, mishororo hiyo haina kasoro: kila mmoja una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao, na vina vimetulia. Lakini aliyekuwa akizaliwa alikuwa mama mkwe wake, aliyetimiza miaka 70, na kijana yule alisimama mbele ya wakwe akaanza kusoma kutoka kwenye simu bila kuwa amelipitia shairi. Alifika kwenye "mpenzi na mwenzi" akanyamaza. Aliniambia baadaye kwamba nimemvunjia heshima nyumbani kwa watu, na ingawa niliona kwamba yeye pia alikuwa na kosa la kutosema, nilimrudishia pesa zake zote. Mimi ndiye niliyekuwa nikijiita fundi.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba Kiswahili humpa mtunzi maficho fulani, lakini si yote. Jinsia inafichika kwa urahisi, kwa kuwa "u-" na "a-" havibagui mwanamke na mwanamume, na hatari inabaki kwenye sifa kama "kisura" na "mrembo". Uhusiano nao unafichika ukiiacha "mimi" na kutumia "sisi", kwa maana "twakupenda" linaweza kusemwa na ukoo mzima au na wafanyakazi wa ofisi moja, ilhali "nakupenda" linasemwa na mtu mmoja kwa mtu mmoja. Kisichofichika kirahisi ni umri. Ukiandika "umekua" umemfanya mtoto, na ukimwombea "wajukuu wakuzunguke" umemzeesha mtu ambaye huenda ana miaka 25.

Kwa hiyo, ikiwa mteja hapatikani na shughuli ni kesho asubuhi, mimi huandika ubeti wa namna hii:

Siku yako imefika, twakuletea salamu,
Mola aliyekuweka, azidi kukukirimu,
Kila unapoamka, afya iwe ni timamu,
Tunakutakia heri, siku uliyozaliwa.

Mteja akileta jina dakika ya mwisho, ninakigusa kibwagizo peke yake, na hapo ndipo wengi huharibu kwa kulisukuma jina mahali pasipolitosha. Badala ya "Tunakutakia heri" ninaanza na "Heri kwako", ambayo ni mizani minne, kisha ninatafuta minne mingine. Jina Atieno linatosha peke yake: "Heri kwako Atieno." Zena lina mizani miwili, basi linatanguliwa na cheo cha miwili: "Heri kwako mama Zena." Wambui lina mitatu, na ukiongeza "mama" unapata mitano, yaani mmoja umezidi. Dawa yake ni kuikata "kwako" iwe "kwa", upate "Heri kwa mama Wambui", na hapo utao lazima nao ugeuke kuwa "siku aliyozaliwa", la sivyo utakuwa umemsema mtu kisha ukamgeukia katikati ya mshororo.

Ubeti huo hauwezi kumwaibisha mtu, na udhaifu wake pia umo humo. Toa Zena, weka Atieno, na hakuna kinachobadilika. Mteja anayepokea ubeti kama huo hujibu "nzuri" na kukaa kimya, na jibu hilo la neno moja ndilo linalonionyesha kwamba nimetunga kadi. Ndiyo maana ninawasihi nyinyi mnaotaka kuishi kwa kalamu kama mimi: msikimbilie maficho haya wakati mtu bado yuko kwenye simu. Mwulizeni!

Wala msimtumie orodha ya maswali kama ya karani, kwa kuwa atachoka na kuacha kujibu. Mteja wa Jumanne nilimwuliza matatu. La kwanza lilikuwa, "Unamwitaje unapomsalimia?" Jibu la swali hilo hubeba umri, jinsia na uhusiano kwa pamoja, kwa sababu hakuna anayemwambia mwenzake shikamoo, wala anayemwita bosi wake jina la utani. La pili lilikuwa, "Nani atalisoma, na mbele ya nani?" La tatu, "Yeye hufanya nini kila siku?"

Majibu yalifika kabla sijamaliza chai. Anamwita shosho. Litasomwa na mjukuu wa miaka tisa mbele ya jamaa nyumbani. Shosho huamka alfajiri kwenda Marikiti kununua mboga za kuuza. Mara moja niliiacha tarbia, kwa kuwa mshororo wa mizani 16 humkata pumzi mtoto wa umri huo, nikachukua utenzi, wenye mizani minane kwa kila mshororo. Urefu nao ulijiamua wenyewe: beti mbili, ambazo mtoto anaweza kuzikariri kwa siku tatu.

Shosho uliyetulea,
Asubuhi watembea,
Marikiti kwelekea,
Tupate sisi kushiba.

Sukumawiki na nyanya,
Kwa mikono wakusanya,
Mengi mema umefanya,
Mola akupe akiba.

Ninaona fahari kwa neno "nyanya" mahali lilipo, kwa kuwa ni zao lililo kikapuni na pia ni jina lingine la bibi huyo huyo, na sikulipata kwa kufikiri sana bali kwa kuuliza anauza nini. Mshororo wa mwisho ulinisumbua zaidi. Nilikuwa nimeandika "Mola akupe mahaba", kina kikatulia na mizani ikatimia, kisha nikakumbuka ukumbi wa wakwe. Mahaba ni ya wapenzi. Mjukuu hamwombei shosho mahaba. Nikaifuta.

Jana mteja aliniambia kwamba mtoto amekwisha kulihifadhi, isipokuwa kila akifika mshororo wa tatu husema "kuelekea", jinsi walivyomfundisha darasani, na mdundo unavunjika kwa kuwa mizani inakuwa tisa. Nimemwambia asimkemee. Mtoto apige kofi moja kwa kila silabi, makofi manane, na lile la tano liangukie "kwe".