Chimba shimo kwanza, ramani baadaye

Ukimwuliza fundi wa Dodoma chumba masta cha kupangisha kinagharimu kiasi gani, atakujibu papo hapo: "Milioni 5 na nusu, bosi." Hakudanganyi, maana anahesabu jengo. Nilikosea mimi, niliyezidisha hiyo kwa vyumba 6, nikagawanya kwa kodi ya mwaka na kuanza kuota. Kama una kiwanja na unafikiria kuanza, pitia hesabu yangu kabla hujaagiza tripu ya kwanza ya mchanga.

Kiwanja changu kiko Nkuhungu. Nilijenga vyumba 6 kwa mstari mmoja, kila kimoja na choo chake ndani. Mstari unasaidia sana, kwa sababu vyumba jirani vinatumia ukuta mmoja: vyumba 6 vina kuta 7 za kukatiza, wakati ukivijenga kimoja kimoja utahitaji 12. Jengo lilikwenda hivi: msingi na jamvi milioni 7.2, kuta na linta 7, kupaua 6, milango na madirisha 4, plasta, dari, vigae na rangi 6, nyaya, mabomba na vyombo vya choo 4.2. Jumla milioni 34.4, sawa na milioni 5.7 kwa chumba. Hapo fundi alikuwa karibu sahihi.

Halafu kuna yaliyo nje ya jengo: shimo la maji taka 2.6, tenki la lita 5,000 na mnara wake 2, kuvuta maji na umeme 1, ramani na kibali 0.8. Hiyo ni milioni 6.4 nyingine. Sasa chumba kimefika milioni 6.8, na kiwanja sijakihesabu kwa kuwa nilikuwa nacho.

Kilichonipandishia gharama ni udongo. Sehemu nyingi za Dodoma zina mfinyanzi mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Tulichimba msingi sentimita 60, fundi akafinyanga bonge mkononi, likawa kama chapati. Tukashuka hadi mita 1.2 ndipo tukakuta changarawe ngumu. Milioni 1.3 ya ule msingi imezikwa hapo. Udongo huohuo haunywi maji, kwa hiyo shimo la kawaida la maji taka lingejaa mapema, ikabidi nilipanue.

Yote hayo ningeyajua kwa kibarua mmoja na sururu. Chimba shimo la kina cha mita moja na nusu mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa 10 au wa 11. Tazama nyufa zinashuka hadi wapi na udongo unabadilika kwenye kina gani. Lijaze maji jioni, yakinywewa yajaze tena, kisha uangalie asubuhi. Ukikuta bado yamesimama, tenga hela ya shimo kubwa la maji taka. Tembelea na majirani: nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha zitakuambia habari za msingi wao.

Tuje kwenye kurudisha hela. Kodi ni 90,000 kwa chumba, yaani 6,480,000 kwa mwaka vyumba vikijaa mwanzo hadi mwisho. Havijai. Ukihesabu chumba kwa mwezi, vyumba 6 vina miezi 72. Mwaka wa kwanza 7 ilikuwa mitupu, mpangaji mmoja anahama, mwingine ni mwanafunzi karudi kwao likizo. Nikakusanya 5,850,000. Toa asilimia 10 ya kodi ya serikali, 585,000. Toa laki 5 za kunyonya shimo, koki, vitasa na rangi. Inabaki 4,765,000. Gawanya milioni 40.8 kwa hiyo upate miaka 8 na nusu. Kwenye ndoto yangu ilikuwa mitano na kidogo.

Niliwahi kujaribu pia hesabu ya vyumba vya choo cha pamoja. Kingegharimu kama milioni 4.6 kila kimoja pamoja na ya nje, kodi 50,000. Kwa miezi mitupu na matengenezo yaleyale, hela inarudi baada ya miaka 11 na ushei, na bado utaamua ugomvi wa zamu ya kuosha choo. Na kama unafikiria mkopo, milioni 20 ya miaka mitano kwa riba ya asilimia 16 inadai riba ya karibu milioni 3 mwaka wa kwanza. Ukitoa hiyo kwenye 4,765,000 utaona kilichobaki hakitoshi kulipa deni lenyewe.

Ile miezi 7 mitupu, mitatu ilikuwa ya chumba namba 6 peke yake. Dalali alileta watu, wakaingia, wakanusa, wakaaga kwa adabu. Bomba la hewa la shimo lilikuwa limeishia usawa wa dirisha lake. Nililipandisha juu ya bati kwa 35,000, na mpangaji aliyeingia mwezi uliofuata yumo mpaka leo.