Saa yasema 172, mkanda wasema 141: niamini ipi?

*Kocha, Jumamosi nilikimbia Karura na rafiki yangu, mwendo wa kupiga gumzo tu. Saa ilinionyesha mapigo 172, mkanda wa kifuani 141. Niamini ipi? – Mkimbiaji, Kiambu Road*

Mkanda. Ila usiuamini kwa sababu tu ni mkanda, maana nao una uongo wake, kama utakavyoona kwa msomaji anayefuata. Fungua rekodi ya mbio hizo kwenye simu, utafute mstari wa hatua kwa dakika, ule ulioandikwa Cadence au spm. Nadhani utaukuta pale pale kwenye 170 na kitu, umelaliana na mstari wa mapigo ya saa. Ukiwa hivyo, saa yako ilikuwa ikihesabu miguu.

Inakuwaje? Saa haiusikii moyo. Inamulika ngozi kwa taa ya kijani, kisha inapima mwanga unaorudi. Damu hunyonya mwanga wa kijani, kwa hivyo kila wimbi la damu linapopita kwenye mkono, mwanga unaorudi hupungua kidogo sana. Sasa ukikimbia, mkono unatikisika kwa kila hatua, saa inachezacheza, damu na nyama chini ya ngozi vinasogea, na mwanga ule ule unapanda na kushuka kwa mdundo wa miguu. Mara nyingi mtikisiko huo una nguvu kuliko wimbi la moyo lenyewe. Saa ina kihisi cha mwendo na hujaribu kuuchuja, lakini ikiwa imelegea, au midundo miwili ikikaribiana, inaishia kushika ule wa miguu na kung'ang'ana nao. Wengi wetu tunapiga hatua kati ya 160 na 180 kwa dakika, na hayo ndiyo mapigo ya mtu anayekimbia kwa bidii. Ndiyo maana namba hiyo haikushtui. Kama saa ingesema 40, ungejua mara moja kwamba imepotea.

Ukitaka kuinasa, fanya hivi kwenye sehemu tambarare. Bila kuongeza kasi, fupisha hatua na uzifanye za harakaharaka kwa dakika moja hivi. Tuseme hatua zinapanda kutoka 172 hadi 182. Saa nayo ikipanda mpaka 182 huku mkanda umebaki kwenye 140 na kidogo, basi hakuna cha kujadili. Baada ya hapo simama kabisa. Saa iliyoshika miguu hubabaika kidogo halafu huanguka ghafla, kwa mfano kutoka 172 hadi 128 kwa sekunde chache, kwa kuwa miguu imenyamaza na sasa inauona moyo. Moyo wenyewe hushuka kwa mteremko, hauanguki hivyo.

Na bado una vidole. Ukisimama tu, weka viwili shingoni, kando ya koromeo, uhesabu kwa sekunde 10 kisha uzidishe kwa 6. Ukipata 23, hayo ni 138. Ukikosea pigo moja umekosea kwa 6, jambo ambalo haliwezi kuficha tofauti ya 31. Usihesabu dakika nzima, kwa sababu moyo wa mtu mwenye mazoezi huwa umeshuka mbali kabla dakika haijaisha, na utaishia kuvilaumu vifaa vyote viwili.

Kwa siku zijazo, ivae saa juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, upana wa vidole viwili hivi, na uikaze kiasi cha kutoteleza. Asubuhi za Julai, Nairobi ikiwa na baridi yake, mishipa ya mikononi hujikaza na damu inayofika kwenye ngozi ni kidogo. Pasha mwili joto kwanza kabla ya kuiuliza saa chochote.

*Nikianza kukimbia asubuhi, mkanda huonyesha 205 kwa dakika kama tano hivi, saa 118. Nikishatoka jasho vinaelewana. Mkanda si ndio wa kuaminika? – Adams Arcade*

Hapo amini saa. Mkanda unasoma umeme wa moyo kupitia vile vipande viwili vinavyogusa kifua, na umeme huo ukifika kwenye ngozi ni mdogo mno. Ngozi ikiwa kavu haupiti vizuri, na kila msuguano unageuka kuwa kelele. Ongeza fulana ya polista inayopepea kwa upepo wa Januari, hewa ikiwa kavu: inazalisha umeme wake yenyewe, nao mkanda unauhesabu kama mapigo. Jasho likija, chumvi na maji vinaunganisha ngozi na mkanda, na fujo inakwisha. Hicho ndicho unachokiona.

Uongo wa namna hii unatambulika kwa umbo lake. Mstari unakuwa kama meno ya msumeno: 205, 90, 198, kisha sifuri, yote ndani ya nusu dakika, wakati wewe unatembea tu kuelekea barabarani. Uongo wa saa niliomweleza mwenzako ni laini na umetulia, na ndiyo sababu unadanganya watu wengi zaidi.

Lowesha vile vipande kwa maji kabla ya kuvaa. Ukiwa umesahau, mate yanatosha, na wakimbiaji wengi hufanya hivyo bila aibu. Mkanda ukae chini kidogo ya misuli ya kifua, na kwa akina dada chini ya ukingo wa sidiria, ukiwa umekaza bila kukubana pumzi. Kama fujo inaendelea hata baada ya kulowesha na kutoka jasho, badilisha betri kwanza, maana ndiyo rahisi. Mikanda mingi hutumia ile bapa iliyoandikwa CR2032. Ikishindikana, kitambaa chenyewe kimekwisha kwa chumvi. Na ukirudi nyumbani chomoa kile kidude cha mbele. Mkanda uliolowa ukiachwa nacho, kinaweza kudhani bado umeuvaa, na betri inaendelea kuliwa usiku kucha.

*Mimi vyangu havijawahi kupishana hata kwa pigo moja. Ninyi mnanunua wapi vifaa vyenu? – South B*

Ndugu yangu, una kifaa kimoja kinachosoma na kingine kinachokariri. Mkanda ukiunganishwa na saa, saa nyingi huacha kutumia taa yake na kuonyesha namba za mkanda. Ukitaka kuvilinganisha kweli, tenganisha: mkanda uutume kwenye programu ya simu, saa irekodi peke yake, uvianzishe pamoja, kisha uweke mistari miwili kando kwa kando. Huenda ukatamani ungebaki bila kujua.

*Tunakimbia mizunguko ya mita 400 uwanjani. Nikimaliza mzunguko, mkanda unasema 181, saa 163. Nikipumzika, saa ndiyo inapanda! – Lang'ata*

Hapa saa haidanganyi, imechelewa tu. Ili kuchuja mtikisiko, inachukua wastani wa sekunde kadhaa zilizopita, kwa hivyo moyo ukipanda haraka inabaki nyuma, na ukishuka inabaki juu. Angalia kilele: kama kile cha saa kina umbo sawa na cha mkanda ila kimesogea mbele kidogo na kimekatwa ncha, basi ni kuchelewa. Kwa mizunguko na vilima vifupi, tumia mkanda. Kwa mbio ndefu za mwendo mmoja, saa iliyokazwa vizuri inatosha. Wenye kuendesha baiskeli na kunyanyua vyuma nao waegemee mkanda. Ukibana usukani au chuma, misuli ya mkono inajikaza na kukunja kifundo cha mkono kunabana ngozi chini ya saa, na mara nyingi namba inakuwa ya chini kuliko ilivyo.

*Nina miaka 45. 220 toa 45 ni 175, lakini mkanda ulinipa 191 nikipanda Ngong Hills. Saa ilisema 174, kwa hivyo saa ndiyo sahihi? – Mzee wa Rongai*

Mzee wangu, hesabu hiyo si shahidi. Ni wastani wa watu wengi, na mtu mwenye afya njema anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10, 12, au hata zaidi. Saa kukaribia 175 hakuthibitishi lolote. Kwanza nisingeshangaa 174 hiyo ikiwa ni hatua zako, basi iangalie kama nilivyoeleza hapo juu.

Tazama hiyo 191 ilikujaje. Kama ilipanda pole pole, 178, 184, 188, ikakaa juu sekunde kadhaa pale mlima ulipokuwa mkali na pumzi imekukata, kisha ikateremka taratibu ulipofika kileleni, hiyo ni ya moyo. Kama iliruka kutoka 150 hadi 191 kwa mkupuo na kurudi, shuku mkanda kwanza. Kuna hali moja ambayo moyo wenyewe huruka hivyo: mapigo yanapaa ghafla, yanabaki juu hata ukisimama, na unahisi kifua kinapwita. Hapo hesabu kwa vidole, na vidole vikikubaliana na mkanda, nenda hospitali.

*Nikiwa nimekaa sebuleni, mkanda unasema 148, saa 74. Nimelowesha, nimebadilisha betri, bado. Vidole vinasema 74. Mkanda ni mbovu? – Mama, Umoja*

Huenda, mama, lakini usiutupe bado. Namba moja kuwa mara mbili kamili ya nyingine si kelele za ukavu. Kila pigo la moyo lina mawimbi kadhaa ya umeme, na kwa watu wengine lile linalofuata ni refu kiasi kwamba mkanda unalihesabu kama pigo la pili. Jaribu kuuteremsha au kuusogeza kando kidogo. Tofauti ikitoweka, hiyo ndiyo ilikuwa sababu.

Lakini iko sababu nyingine, nayo haiondolewi na vidole. Mkanda unahesabu umeme, saa na vidole vinahesabu mawimbi ya damu. Moyo unaweza kupiga pigo la ziada mapema mno, kabla haujajaa, na pigo hilo likakosa nguvu ya kusukuma damu hadi kwenye mkono. Umeme wake upo, wimbi lake halipo. Likija baada ya kila pigo la kawaida, mkanda utaona mara mbili ya mkono, na vyote viwili vitakuwa vimesema ukweli.

Kinachotenganisha mambo haya mawili ni kipimo cha umeme wa moyo hospitalini, au daktari kusikiliza kifua huku ameshika mkono wako na kulinganisha. Nenda na rekodi yako, na umwambie inatokea ukiwa umekaa. Ukiwa na kizunguzungu, maumivu ya kifua au umewahi kuzimia, usingoje siku ya kliniki, nenda leo.