Cheti kinasema masikio mazima, lakini kwenye imla anaandika maneno mengine

Mtoto akilalamikiwa kuwa hasikilizi darasani, mzazi mwenye uchungu humpeleka hospitali. Huko anavalishwa spika za masikioni kwenye chumba kimya, anasikilizishwa milio, mmoja mwembamba, mwingine mnene, na kila akiusikia ananyosha mkono. Anaisikia yote. Cheti kinaandikwa kuwa usikivu ni wa kawaida, mama anakileta shuleni, na tangu hapo mtoto anahesabiwa kuwa mvivu au mtundu, maana sasa kuna karatasi inayosema anasikia.

Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Dodoma, na watoto wa namna hii nimekutana nao kwenye madarasa ya chini na ya kati. Kipimo kile kinasema kweli, ila kinajibu swali dogo: mlio hafifu kabisa ambao mtoto anaweza kuusikia pakiwa kimya. Darasani hakuna ukimya wala hakuna mlio mmoja. Kuna sauti ya mwalimu, darasa la jirani linaloimba jedwali, dawati linaloburutwa kwenye saruji, bodaboda nje ya dirisha, na upepo wetu wa huku unaopigapiga bati. Mtoto anatakiwa achomoe sauti moja kutoka kwenye mchanganyiko huo. Kazi hiyo inafanywa na masikio mawili yakishirikiana na ubongo, na milio ya chumba kimya haiigusi.

Hesabu yake haina ugumu. Sauti ya mwalimu anayeongea kawaida ni takriban desibeli 65 ukiwa mita 1 kutoka kinywani mwake. Umbali ukiwa mara mbili, sauti inayokufikia moja kwa moja hupungua desibeli 6, kwa hiyo mita 2 ni 59 na mita 4 ni 53. Darasa lililojaa watoto wanaofanya kazi linaweza kufika desibeli 60 bila mtu kupiga kelele. Maana yake anayekaa katikati ya darasa anapokea sauti ya mwalimu ikiwa chini ya kelele. Kuta tupu na sakafu ya saruji zinarudisha mwangwi, nao unaongeza ukubwa wa sauti lakini unapakaza silabi moja juu ya nyingine. Mtu mzima anaziba mapengo kwa kubahatisha, kwa kuwa lugha anaijua. Mtoto bado hana akiba hiyo, ndiyo maana wataalamu wanapendekeza sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa desibeli 15 hivi. Watoto wengi wanajikongoja hata bila kufika hapo. Wachache wanaanguka kabisa, na hao ndio ninaowazungumzia.

Binti mmoja wa darasa la nne ndiye aliyenifundisha mahali pa kuangalia. Kusoma anasoma vizuri, hesabu za ubaoni anapata. Kwenye hesabu za kichwa, ninaposoma kwa mdomo, alikuwa anakosea kwa namna ileile: nikisema tisa anaandika 6, nikisema sita anaandika 9. Kwenye imla nikisoma "pata" anaandika "kata", "chupa" inakuwa "tupa". Tazama makosa hayo. Irabu zote ziko sawa, zilizopotea ni konsonanti. Irabu zina nguvu na zinafika mbali, ilhali s, t, k, p na f ni sauti nyepesi na ndizo kelele inazozifunika kwanza. Binti alikuwa anasikia kwamba nimesema kitu chenye i na a, kisha anachagua neno. Mtoto ambaye hakusikiliza kabisa huacha nafasi wazi au anachungulia kwa jirani. Huyu alikuwa anasikiliza kwa nguvu zake zote, na kufika mchana alikuwa amechoka, amelaza kichwa kwenye dawati.

Mama yake aliniambia, "Mwalimu, mbona hospitali wamesema hana tatizo?" Nikamwomba tumpime upya, safari hii darasani kwetu.

Kipimo chenyewe mwalimu yeyote anaweza kukifanya. Andika maneno 20 ya silabi mbili ambayo mtoto anayajua na yanayofanana: pata, kata, bata, taka, paka, saka, chupa, tupa, kupa, sita, tisa, pita na mengine ya aina hiyo. Hakikisha kwanza anayaelewa yote, vinginevyo utakuwa unapima msamiati. Ziba midomo yako kwa daftari uliloliweka mbali kidogo na uso ili sauti ipite, kwa sababu watoto hawa wamejifunza kusoma midomo bila kufundishwa na mtu. Soma neno mara moja kwa sauti yako ya kawaida, naye alirudie. Fanya hivyo mara tatu, kila mara ukibadilisha mpangilio: ukiwa mita 1 asubuhi pakiwa kimya, kisha yeye akiwa nyuma ya darasa bado pakiwa kimya, kisha akiwa palepale nyuma wakati madarasa mengine yanaendelea na milango iko wazi. Halafu, na hili usiliruke, wapime hivyohivyo watoto watatu wa umri wake wasio na shida. Kila mtu hushuka kwenye kelele, kwa hiyo alama zake peke yake hazikwambii kitu.

Binti alipata 20 karibu yangu na 18 akiwa nyuma pakiwa kimya. Kelele zilipoanza alipata 9. Wenzake watatu, katika kelele hizohizo, walipata 15, 16 na 17. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa imejificha nyuma ya cheti.

Matokeo yanaweza kuelekeza kwingine pia. Mtoto akikosa hata karibu yako pakiwa kimya, basi huenda usikivu wenyewe una kasoro na arudi hospitali upesi. Akifanya vizuri kwa Kiswahili lakini anaanguka ukisoma maneno ya Kiingereza, shida ni lugha. Shida ya lugha huku kwetu inaweza kuwa hata kwa Kiswahili, kwa sababu wapo watoto wanaotoka nyumba zinazoongea Kigogo tupu au Kirangi, na Kiswahili chenyewe ni cha pili kwao. Na mtoto ambaye mawazo yanahama hata anaposoma kimyakimya peke yake, huyo chunguza umakini wake kabla ya masikio.

Ukienda tena hospitali, nenda na karatasi ya alama hizo na uombe kwa daktari wa masikio, pua na koo mambo matatu. La kwanza, kila sikio lipimwe peke yake na kiwango chake kiandikwe, kwa sababu mtoto mwenye sikio moja zima anajibu vizuri akiitwa nyumbani na anapotea kwenye kelele. La pili, kipimo cha mgandamizo wa sikio la kati, kile kinachoonyesha kama kuna majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Majimaji huja na kuondoka na mafua, kwa hiyo mtoto anaweza kupimwa siku ambayo hayapo. La tatu, eleza historia yake yote. Aliyezaliwa njiti au aliyepata manjano kali alipozaliwa anaweza kuwa na sikio la ndani linalofanya kazi lakini mshipa wa usikivu unapeleka ujumbe uliovurugika. Huyo anahitaji kipimo cha mawimbi ya ubongo, ambacho si kila hospitali inacho, kwa hiyo uliza watakuelekeza wapi.

Binti yetu vipimo vyote viwili vilitoka safi. Ila mama alikumbuka kuwa masikio yake yalikuwa yakitoa usaha mara kwa mara kuanzia utotoni hadi alipoingia chekechea. Hilo lina uzito. Mtoto ambaye miaka ya mwanzo sauti zilimfikia zikiwa zimefifia, leo zipo na kesho hazipo, anaweza kukosa mazoezi ya kutumia masikio mawili kutenganisha sauti ya mbele na kelele za pembeni, na udhaifu huo unaweza kubaki hata masikio yakipona. Daktari hakumpa dawa wala mashine. Vipimo maalumu vya namna ubongo unavyochambua sauti vipo, lakini kwa mtoto wa chini ya miaka 7 majibu yake hayaaminiki sana, na vikifanywa kwa lugha asiyoimudu vinapotosha.

Kwa hiyo kazi ilirudi darasani. Ushauri unaotolewa haraka ni "mkalishe mbele", nami nauona kuwa ni nusu ya kazi. Rudi kwenye hesabu yetu: hata kwa mita 1 sauti inaizidi kelele kwa desibeli 5 tu. Lazima kelele nayo ishuke. Binti nilimweka dawati la pili, upande wa ukuta, mbali na dirisha la barabarani, mahali anapouona uso wangu na pia anawaona wenzake wanapojibu. Miguu ya madawati tukaipigilia vipande vya mpira wa tairi la zamani, na mburuto kwenye saruji ukapungua sana. Mlango wa upande wa darasa la jirani unafungwa wakati wa imla. Trei za mayai ukutani usihangaike nazo: hazizuii sauti kupita, mwangwi zinapunguza kidogo mno, na zinashika moto haraka.

Kilichobadilika zaidi ni mimi ninavyoongea. Siongei nikiwa nimegeukia ubao. Ukurasa na namba ya swali naviandika kabla sijavitamka. Asipopata sentensi naisema mara ya pili kwa maneno mengine, maana kurudia vilevile kwa sauti kubwa kunakuza irabu zaidi na konsonanti zinabaki nyuma. Siulizi "mmeelewa?", kwa kuwa darasa zima litaitikia "ndiyo mwalimu" naye ataitikia pamoja nao. Namwambia aniambie anachokwenda kufanya. Na mvua ya Januari ikianza kupiga bati lisilo na dari, nasitisha mafundisho ya mdomo. Tunasoma na kuandika mpaka ipungue, kwa sababu wakati huo hata watoto wenye masikio imara hawasikii.

Wazazi wananiuliza kuhusu vifaa. Vile vikuza sauti vinavyouzwa bila kipimo msivinunue, kwa sababu vinakuza kelele pamoja na sauti, na vikiwa na nguvu kupita kiasi vinaweza kudhuru sikio zima. Kifaa kinachofaa ni kile ambacho mwalimu anavaa maikrofoni karibu na kinywa na sauti inafika sikioni mwa mtoto moja kwa moja. Kinatibu tatizo la umbali lenyewe, ila bei yake ni kubwa na kinawekwa na mtaalamu wa usikivu.

Baada ya mabadiliko hayo nilimpima tena akiwa kwenye kiti chake kipya, milango ya wengine ikiwa wazi na kelele zile za kawaida. Alipata 15. Hilo ni dawati la pili, wakati wenzake walipata kiasi hicho wakiwa nyuma kabisa, kwa hiyo pengo lipo. Kila muhula nampima upya, na pia kila anapopona mafua, kwa sababu akishuka ghafla hata pakiwa kimya nitajua majimaji yamerudi na mama atampeleka hospitali wiki hiyohiyo. Akipanda darasa, karatasi ya alama na maelezo ya mahali pa kukaa inaingia kwenye faili lake, na mwalimu anayempokea namkabidhi mwenyewe mkononi.