Kizigeu cha upitishaji kikizidi moja, usikifute

Juma lililopita mwanafunzi mmoja aliniandikia kwa masikitiko. Alikokotoa wimbi la sumakuumeme linalotoka ndani ya dielektriki na kugonga mpaka wa hewa kwa wima, akapata kizigeu cha upitishaji cha 4/3, na mwalimu wake akamkosesha kwa hoja kwamba hakiwezi kupita kingi kuliko kilichofika. Ujumbe huo ulinigusa penye kidonda, kwa sababu jibu la namna hiyo lilikatwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi yangu nilipokuwa mwanafunzi, ilhali lilikuwa sahihi.

Tuchukue dielektriki isiyo na upotevu wala usumaku, yenye permitiviti ya uwiano ya 4. Impidansi yake ni nusu ya ile ya hewa, yaani takriban omu 188.5 dhidi ya 377. Wimbi linatokea upande wa dielektriki, kwa hiyo huo ndio upande wa kwanza. Tukiandika impidansi kwa η, kizigeu cha uakisi kwa Γ na cha upitishaji kwa τ, tunapata:

Γ = (η2 − η1)/(η2 + η1) = 1/3
τ = 2η2/(η2 + η1) = 4/3

Vizigeu hivi ni vya uga wa umeme, si vya nishati, na hapo ndipo wengi hupotoka. Uga unaofika ukiwa na kilele cha volti 30 kwa mita, unaoakisiwa una 10 na unaopita una 40. Mpakani uga wa umeme lazima ulingane pande zote mbili, na kweli 30 na 10 ni 40. Uga wa sumaku wa wimbi lililoakisiwa, kwa kuwa linarudi nyuma, hutolewa badala ya kujumlishwa: (30 − 10)/188.5 ni sawa na 40/377.

Sasa tupime nguvu, ambayo ni mraba wa kilele ukigawanywa kwa mara mbili ya impidansi. Inafika wati 2.39 kwa mita ya mraba, inarudi 0.27 na kupita 2.12. Hakuna kilichoongezeka, kwa maana uga wa 40 uko mahali penye impidansi kubwa, ambapo volti zile zile hubeba nguvu ndogo zaidi.

Basi nawasihi: andikeni η1 na η2 kabla ya kugusa kikokotoo, kisha hakikisheni kwamba 1 + Γ = τ. Msijaribu kutaka Γ² + τ² iwe moja. Inayopaswa kuwa moja ni Γ² + (η1/η2)τ². Mkigeuza upande, wimbi likatoka hewani, Γ inakuwa −1/3 na τ 2/3, lakini sehemu ya nguvu inayorudi inabaki 1/9 ile ile. Hesabu hii ni ya mpaka mmoja tu; bamba lenye nyuso mbili huwa na miakisiko inayorudiana ndani yake, na kuzidisha vizigeu vya nyuso hizo mbili hakutoshi.