Makosa Yanayofanana: Kwa Ninyi Mnaoanza Kazi ya Kuchambua Majibu

Wiki hii nimeletewa faili mbili kutoka kwa wachambuzi wapya wawili ambao hawakushauriana, na zote mbili zilikuwa na sentensi ileile ukurasa wa kwanza: "Watahiniwa hawa wametazamiana." Nimezirudisha zote. Wadogo zangu, nawapenda, na najua mlikesha mkizipitia karatasi hizo, lakini sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe kabla hamjaajiriwa, nami nitawaeleza ilivyonigharimu. Nitaweka namba ili nisipotee njia, ingawa huenda nikapotea hata hivyo.

1. Anzeni na makosa, si majibu sahihi. Watahiniwa wawili wanaoketi jirani na kupata majibu 37 sahihi yanayofanana katika mtihani wa maswali 60 hawajatuambia lolote, kwa sababu waliosoma vizuri hukutana kwenye jibu sahihi bila kuonana. Kosa ni jambo jingine. Swali lenye machaguo manne lina njia tatu za kukosea, na watu wawili wanapopita njia ileile swali baada ya swali, tunayo haki ya kuuliza. Ndiyo maana David Harpp na James Hogan wa Chuo Kikuu cha McGill, katika miaka ya 1990, walipendekeza kipimo chepesi ambacho bado mnakikuta kwenye programu zetu: hesabu makosa yanayofanana kabisa, gawanya kwa idadi ya maswali yote ambayo majibu ya wawili hao yanatofautiana, na uwiano ukifika 1 au kuzidi, jozi hiyo iangaliwe. Nasema iangaliwe. Kipimo hicho hakijui swali lipi lina mtego mkali na lipi halina, na hapo ndipo nilipoangukia.

2. Kosa langu. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini. Mtihani ulikuwa wa maswali 60, na programu ikaniletea jozi iliyoketi dawati kwa dawati. Mmoja alikosa maswali 18, mwenzake 20. Yalikuwapo maswali 15 waliyoyakosa wote wawili, na katika 14 kati ya hayo walichagua herufi ileile. Majibu yao yalitofautiana katika maswali 9 tu: matatu aliyokosa wa kwanza peke yake, matano aliyokosa wa pili peke yake, na moja walilokosa wote kwa herufi tofauti. Uwiano ukawa 14 kwa 9, yaani 1.56. Nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo ninayoionea haya hadi leo.

Nikafanya hesabu yangu ya bahati nasibu. Nilijiambia kwamba wote wakishakosa, na machaguo mabaya yakiwa matatu, uwezekano wa kukutana kwenye moja ni theluthi. Katika maswali 15 ningetegemea wakutane mara 5, si 14. Uwezekano wa kufika 14 au zaidi kwa bahati tupu ulitoka moja kati ya 460,000 hivi. Niliandika namba hiyo kwa herufi nene kwenye taarifa, nikamalizia kwa ile sentensi. Matokeo ya wote wawili yakazuiliwa na barua zikatumwa.

Baada ya wiki tatu mmoja wao aliitwa mbele ya kamati, nami nikaitwa kueleza hesabu. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo mimi ndiye niliyetazamia, au ndiye niliyetazamiwa?" Sikuwa na jibu. Hesabu yangu ilikuwa na pande mbili zinazolingana kabisa: ungebadilisha majina, namba isingebadilika. Mwenyekiti aliandika kitu kwenye daftari lake bila kuniangalia. Halafu yule mtahiniwa akatoa madaftari mawili, lake na la mwanafunzi mwingine wa darasa lao aliyeketi upande wa pili wa ukumbi, akafungua sura ileile katika yote mawili. Kanuni iliyonakiliwa ubaoni siku ya somo hilo ilikuwa na alama ya kutoa mahali pa kujumlisha. Darasa zima lilifundishwa kukosea.

Nilirudi mezani nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Kwanza niliangalia mwongozo wa majibu. Maswali mawili kati ya yale 14 yalikuwa na jibu lililowekwa vibaya, na dalili ilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angetazama: katika maswali hayo watahiniwa wenye alama za juu kwenye mtihani mzima ndio "waliokosa" zaidi, na wenye alama za chini ndio "waliopata". Wawili wangu walikuwa wamejibu sawasawa, nami nikawahesabia usahihi wao kuwa ushahidi dhidi yao. Nilipoyaondoa hayo mawili, yakabaki makosa 12 yanayofanana kati ya 13.

Kisha nikaachana na ile theluthi. Hakuna mtihani ambao vipotoshi vyake vitatu vinavuta watu sawasawa. Maswali manane kati ya yale 13 yalitoka katika ile sura ya kanuni mbovu. Darasa lao lilikuwa na watahiniwa 46, na nilipowaondoa hao wawili ili wasijipimie wenyewe, nilikuta kwamba miongoni mwa waliokosa, 19 kati ya kila 20 walichagua kipotoshi kilekile. Wawili wowote wa darasa hilo, wakishakosa wote, wana uwezekano wa takriban 0.9 wa kukutana hapo, hata mmoja akifungiwa chumba cha peke yake. Katika maswali matano yaliyobaki uwezekano ulikuwa karibu 0.6. Kwa hiyo tegemeo halikuwa makosa 5 yanayofanana, bali 10 na kidogo, na kufika 12 au zaidi hutokea karibu mara moja kati ya sita. Nilikuwa nimewazuilia watu matokeo kwa jambo la moja kati ya sita. Na tafadhali zingatieni kwamba ule uwiano wa Harpp na Hogan, hata baada ya marekebisho, ulibaki 12 kwa 9, juu ya 1. Ulikuwa sahihi kuniambia niangalie. Kuhukumu nilikuongeza mimi.

Kilichonipotosha zaidi ni ramani ya ukumbi. Niliona wameketi jirani nikadhani hilo ni ushahidi wa pili, tofauti na wa kwanza. Watahiniwa walikuwa wamepangwa kwa namba za usajili, na namba za usajili zilitolewa darasa kwa darasa. Aliyeketi jirani nawe alikuwa karibu daima mtu aliyefundishwa na mwalimu wako. Ukitaka kujua kama ujirani wenyewe umeongeza kitu, linganisha jozi yako na jozi nyingine za darasa hilohilo zilizoketi mbali. Nilipofanya hivyo, jozi yangu haikujitokeza popote.

Barua ya kuomba radhi niliiandika na kuisaini mwenyewe. Matokeo yalikuwa yamezuiliwa kwa wiki saba.

3. Amueni jirani ni nani kabla ya kuona majibu. Ukumbi wa watu 400 una jozi 79,800. Ukiweka kizingiti cha moja kati ya 1,000 na kuzipekua zote, jozi kama 80 zitanaswa hata kama hakuna aliyegeuza shingo. Wakiketi safu 20 za watu 20, jozi zinazogusana kwa ubavu, mbele na nyuma, pamoja na mshazari, ni 1,482, na kizingiti hichohicho kitanasa moja au mbili kwa bahati. Lakini faida hiyo inapotea mara tu mnapokuta jozi iliyo viti vitatu mbali na kusema "lakini anaweza kuona mpaka pale". Yupo mmoja wenu aliyenitamkia maneno hayo Jumanne, na anajijua.

4. Jozi ikishapita uchujaji wa kwanza, pandeni kwenye kipimo kinachojali uwezo wa mtahiniwa. Omega ya James Wollack ya mwaka 1997 inashika majibu ya anayedhaniwa kuwa chanzo, kisha inakadiria mtu mwenye uwezo wa yule mwingine angelingana naye mara ngapi bila kumwona. Inabidi iendeshwe mara mbili, kila mmoja akiwa chanzo kwa zamu, na matokeo hutofautiana. Tofauti hiyo ni dokezo la mwelekeo, wala si jibu la swali nililoulizwa na yule mtahiniwa.

5. Yanayofuata si kazi ya kompyuta. Ombeni karatasi zenyewe za majibu mtazame yaliyofutwa: jibu sahihi lililofutwa likawekwa kosa la jirani lina uzito kuliko desimali zenu zote. Ombeni taarifa ya msimamizi wa chumba, na ombeni ramani ya viti iliyojazwa siku ya mtihani, si ile iliyochapishwa wiki moja kabla, kwa sababu watu huhamishwa kwa ajili ya jua, kiti kibovu au kuchelewa. Angalieni pia kama yanayofanana yamefuatana kwa mkupuo, tuseme swali la 31 hadi la 44, au yametawanyika mtihani mzima. Katika taarifa andikeni kwamba ulinganifu umezidi unaotegemewa kwa kiasi fulani, na kwamba maelezo haya na haya yamechunguzwa na kuondolewa. Neno "wametazamiana" ni la kamati, na hata kamati mara nyingi huishia kusema kwamba alama haziwezi kuthibitishwa na mtahiniwa arudie mtihani, bila kumwita mtu mwizi.

6. Thamini matoleo mawili ya mtihani. Katika msimu uleule wa mitihani ulioniaibisha kulikuwa na jozi nyingine ambayo sikuijali, kwa sababu uwiano wao ulikuwa mdogo sana. Programu ilikuwa imepanga majibu yao kwa maswali, si kwa nafasi kwenye karatasi. Mmoja alipewa toleo la kwanza, jirani yake toleo la pili lenye maswali yaleyale kwa mpangilio tofauti. Huyu wa pili alipata 13 kati ya 60, chini kidogo ya 15 ambazo angepata kwa kubahatisha tu. Mwenzangu mkongwe, akinisaidia kupekua upya, alisahihisha karatasi hiyo kwa mwongozo wa toleo la kwanza, na ikapata 47. Hapo hapakuwa na daftari la kufunguliwa, na swali la nani alimtazamia nani lilijibiwa na karatasi yenyewe, kwani aliyenakili herufi za toleo lisilo lake alikuwa mmoja tu. Kamati ilimaliza kwa dakika ishirini. Jirani yake, ambaye hakuna kilichoonyesha kwamba alijua anatazamwa, alipewa matokeo yake alasiri ileile.